Mũtua na MUTUA ni Mtu Mmoja: Jinsi ya Kulinganisha Majina ya Chama na Taarifa ya Malipo

Kama wewe ni mweka hazina wa chama pale Wote, Mwingi au Kitui mjini, mwisho wa mwezi huwa una orodha mbili. Ya kwanza ni rejista ya wanachama. Ya pili ni taarifa ya malipo uliyopakua kutoka kwa akaunti ya chama. Unaziweka zote mbili kwenye Google Sheets, unaiambia kompyuta ikutafutie nani hajalipa, nayo inakuletea majina ya watu waliolipa kitambo. Ukiipeleka orodha hiyo mkutanoni vile ilivyo, kuna mtu atapigwa faini bure au atanyimwa mkopo, na pesa yake imeingia.

Shida iko kwenye maandishi. Kikamba huandikwa kwa herufi ĩ na ũ, zenye kiwimbi juu. Katibu anayejua kuandika lugha yake vizuri ataandika Mwĩkali Mũtua kwenye rejista. Lakini jina lililosajiliwa na laini ya simu mara nyingi halina viwimbi, na kwenye taarifa linatokea kama MWIKALI MUTUA. Wewe unaona mtu mmoja. Kompyuta inaona ĩ na i kama herufi mbili tofauti, kama vile a na b. Ritifaa nayo ina mambo yake. King'oo iliyoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka si sawa na King’oo yenye ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, na zote mbili si sawa na KINGOO.

Dawa ni kutengeneza safu ya pembeni ambamo kila jina limevuliwa mapambo yote. Tuiite safu ya ufunguo. Majina ya asili hayaguswi. Tuseme majina ya rejista yako kwenye safu A, kuanzia A2. Hatua ya kwanza, andika hii kwenye B2:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(LOWER(A2),"ũ","u"),"ĩ","i")
```

LOWER inageuza herufi zote kuwa ndogo, halafu kila SUBSTITUTE inaondoa aina moja ya kiwimbi. LOWER lazima itangulie, kwa sababu SUBSTITUTE inatofautisha herufi kubwa na ndogo: ukiiambia itafute ũ, Ũ itaiacha ipite. Kama simu yako haina herufi hizi, zinakili kutoka kwa jina lililo kwenye rejista.

Hatua ya pili, kwenye C2, geuza vistari, nukta, koma na mikwaju kuwa nafasi, ili majina mawili yaliyounganishwa yasigandane:

```
=REGEXREPLACE(B2,"[-.,/]"," ")
```

Hatua ya tatu, kwenye D2, futa kila kitu ambacho si herufi a hadi z wala nafasi, kisha upunguze nafasi zilizozidi:

```
=TRIM(REGEXREPLACE(C2,"[^a-z ]",""))
```

Hapa ndipo ritifaa za kila aina zinaondoka. Pia kuna jambo ambalo macho hayawezi kuona: kompyuta ina njia mbili za kuhifadhi ũ. Inaweza kuwa herufi moja nzima, au u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea. Kwenye skrini zinafanana kabisa. Fomula ya kwanza inashika aina ya kwanza, na hii ya tatu inafuta kile kiwimbi cha aina ya pili na kuacha u yake.

Usibadilishe mpangilio wa hatua hizi. Ukianza na ya tatu, M kubwa na ũ nzima zitafutwa, na Mũtua atakuwa tua. Hiyo pia ndiyo njia ya kugundua kosa: pitisha macho kwenye safu D, na ukiona jina limepoteza irabu, ujue kuna herufi ambayo hukuiorodhesha. Kawaida ni û au î, ambazo watu huzitumia wakikosa kiwimbi kwenye simu zao. Ongeza SUBSTITUTE moja kwa kila herufi ya aina hiyo.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa taarifa ya malipo. Weka majina yake kwenye safu F, na hatua zile tatu kwenye G, H na I. Halafu hesabu pande zote mbili. Kwenye E2 andika fomula ya kwanza hapa chini, na kwenye J2 ya pili, kisha uziburute hadi mwisho wa kila orodha:

```
=COUNTIF(I:I,D2)
=COUNTIF(D:D,I2)
```

Tuchukue mfano wa wanachama wanne, majina ya kubuni tu. Rejista ina Mũthiani King’oo, Mwĩkali Mũtua, Ndũkũ Musyoka-Kĩoko na Mbithe Musyoki. Taarifa ina MUTHIANI KINGOO, MWIKALI MUTUA, NDUKU MUSYOKA KIOKO na MUSYOKI MBITHE. Ukilinganisha kabla ya kusafisha, wote wanne wanapata 0, yaani kama hakuna aliyelipa. Baada ya kusafisha, watatu wa kwanza wanapata 1. Mbithe anabaki na 0, na kwenye safu J, MUSYOKI MBITHE naye ana 0.

Sufuri hizo mbili zinaongea. Upande mmoja kuna mwanachama asiye na malipo, upande wa pili kuna malipo yasiyo na mwenyewe. Kabla hujamtaja mtu yeyote kwenye mkutano, zipatanishe hizo kwanza kwa macho, ukiangalia kiasi, tarehe na tarakimu za simu zinazoonekana. Hapa majina yamepinduliwa tu, la mwisho limetangulia. Kusafisha hakutatui hilo. Wala hakutatui jina la tatu lililokosekana, au Kiilu aliyeandikwa Kilu. Pia kuna anayelipa kwa laini ya mumewe au ya mtoto wake. Huyo hawezi kupatikana kwa jina hata ufanyeje, muulize.

Namba 2 kwenye safu E nayo isikupite. Huenda mwanachama amelipa mara mbili, au wako watu wawili wenye majina sawa. Safu J itakuonyesha: ikiwa 2 huko pia, rejista yenyewe ina wawili wenye ufunguo mmoja, na hao utawatenganisha kwa namba ya simu.

Kuna kishawishi cha kulegeza zaidi, kwamba majina yanayotofautiana herufi moja yahesabiwe sawa. Kwa Kitui na Makueni hiyo ni hatari. Musyoka na Musyoki ni majina mawili tofauti, na wote wawili wanaweza kuwa kwenye chama kimoja. Hata kuondoa viwimbi kuna gharama yake, kwa kuwa ĩ na i ni sauti tofauti katika Kikamba. Kwa hiyo ufunguo ni wa kutafutia tu. Risiti na orodha ya kusomwa mkutanoni ichukue majina kutoka safu A, na viwimbi vyake.