Salio Linajijaza Lenyewe: Zima Kwanza, Toa Baadaye

Kuna malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wateja wa Njoro, Molo na Gilgil wanaoingia Nakuru kila siku kwa matatu: "Nimeacha kutumia hiyo kadi, lakini benki bado inanikata." Wengi wao tayari wamefuta programu kwenye simu. Wengine wameitupa kadi yenyewe. Pesa zinaendelea kutoka tu.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Njoro na kufanya kazi mjini Nakuru. Nauli yake tuseme ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Ili asikwame stendi asubuhi, aliunganisha pochi yake ya nauli na akaunti ya benki, akaweka hivi: salio likishuka chini ya 200, vuta 500 kutoka benki. Mpango ulimfaa vizuri mpaka alipohamishiwa ofisi ya Njoro, ambako anatembea kwa miguu.

Pochi ilikuwa na shilingi 340. Akaona heri azitoe. Akahamisha 300 kwenda kwa simu, zikabaki 40. Muda si mrefu ujumbe wa benki ukaingia: shilingi 500 zimekatwa. Pochi sasa ina 540. Akatoa 500, zikabaki 40 tena, na benki ikakatwa 500 nyingine. Kila akichota, kisima kinajazwa, na kila kutoa kuna ada yake. Hakuna mwizi hapo. Mashine ilikuwa inatii agizo lake mwenyewe: iliona 40 ni chini ya 200, ikavuta.

Kwa hivyo utaratibu ni kuzima kwanza, halafu ndio utoe salio. Lakini uzime wapi? Hapo ndipo watu hupotea, kwa sababu agizo linaweza kukaa sehemu tofauti. Chukua taarifa ya akaunti yako ya benki ya miezi miwili au mitatu na utazame tarehe. Kiasi kikiwa kile kile lakini tarehe zinarukaruka, mara Jumanne, mara baada ya siku tisa, huo ni ujazaji unaofuata salio, kama wa huyu mama. Agizo lake huwa ndani ya pochi, na huko ndiko kunazimwa, kwenye mipangilio ya kujaza salio. Kufuta programu hakuzimi kitu, maana agizo halikai kwenye simu yako. Liko kwenye mitambo ya mwenye pochi. Ukishazima, ondoa pia akaunti au kadi ya benki uliyoiunganisha.

Tarehe zikiwa za mpangilio, kwa mfano kila Jumatatu au kila tarehe 1, basi huenda ni agizo la kudumu ulilosaini benki. Hili ni baya zaidi kwa anayesahau, kwa sababu halijali kama umesafiri au la. Shilingi 1,000 kila Jumatatu kwa wiki sita ni 6,000 zimelala kwenye pochi usiyoitumia. Mwenye pochi hawezi kulifuta. Ni benki yako pekee, kwa programu yao au kwa barua tawini. Fanya hivyo siku mbili tatu kabla ya tarehe ya kukatwa, kwani malipo yakishaingia foleni huenda yakapita. Na kama uliliweka kupitia M-PESA Ratiba, rudi huko huko kwenye M-PESA. Karani wa benki hataliona.

Wakongwe watakumbuka Beba Pay, kadi ya nauli iliyoletwa na Google na benki ya Equity mwaka wa 2013, ikafungwa 2015. Kadi za nauli huja na kuondoka. Agizo la kudumu uliloacha benki halijui kama matatu zako bado zinapokea kadi hiyo.

Utajuaje kweli limezimika? Usitoe salio lote mara moja. Toa kiasi cha kushusha pochi chini ya kile kiwango, kisha subiri siku nzima. Kwa mama wetu mwenye 540, angetoa 400, zibaki 140. Kusipokuja ujumbe wa kukatwa, toa zilizobaki. Ukikatwa, usitoe tena. Andikia mwenye pochi na benki siku hiyo hiyo, ukitaja tarehe, kiasi na namba ya muamala, na uombe jibu la maandishi.

Jambo moja dogo: ukiwa katikati ya shughuli hii, ukipigiwa simu na mtu anayedai atakusaidia kuzima na anataka namba yako ya siri, kata simu. Kuzima hakuhitaji kumpa mtu yeyote namba hiyo, hata sisi.