Siku 14 za mapigo kwenye ukurasa mmoja

Saa janja hupima mapigo ya moyo mara nyingi mno kwa siku, na karibu namba zote hizo hazimsaidii daktari. Mgonjwa anayeingia chumba cha daktari na kumkabidhi simu iliyojaa michoro ya wiki mbili anamwachia kazi ya kusaka, kwenye kioo kidogo, jambo ambalo yeye mwenyewe angeliweka kwenye karatasi moja. Daktari anataka kujua ulikuwa ukifanya nini mapigo yalipopanda, ulisikia nini mwilini, yalianza vipi na yalitulia vipi. Saa haijui hata moja kati ya hayo isipokuwa namba.

Barua ifuatayo ni ya mfano. Mwandishi wake tumchukulie kuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, anayemwandikia daktari aliyewatibu wazazi wake na sasa anamtibu yeye na wanawe.

*Daktari, shikamoo. Nina miadi nawe Alhamisi tarehe 21. Nina miaka 41. Kwa miezi mitatu hivi nachoka upesi na moyo unakwenda mbio. Kuanzia Jumatatu tarehe 4 hadi Jumapili tarehe 17 Mei nimevaa saa yangu mchana na usiku, nikaandika na hali yangu. Tarehe 12 na 13 sikuivaa, iliisha chaji.*

*Nikiamka, kabla sijainuka kitandani: kati ya 88 na 97 kila siku niliyopima. Mwaka jana saa hiihii ilikuwa ikinionyesha 68 hadi 74.*

*Nikipanda ngazi za shule hadi ghorofa ya pili: yanafika 140 hadi 148. Yanapanda kidogo kidogo na kushuka kidogo kidogo, huchukua dakika 8 hadi 10 kurudi chini ya 100. Nahema na kusimama njiani. Imetokea siku 6 kati ya siku 8 za kazi nilizopima.*

*Jumamosi tarehe 9, saa 4:20 asubuhi (saa iliandika 10:20): ilionyesha 164 nikikuna nazi. Sikusikia chochote. Niliacha kukuna, nikahesabu kwa vidole dakika nzima: 98, mapigo yamepangika.*

*Kizunguzungu nikiinuka haraka, mara tatu. Sijazimia, sina maumivu ya kifua, sina homa. Hedhi imekuwa nzito tangu Februari, siku 7 hadi 8. Siku ya pili na ya tatu nabadilisha pedi kila baada ya saa mbili. Sijui kama inahusika.*

*Sina dawa ya kila siku. Nakunywa chai ya rangi vikombe vinne. Sili mirungi, sivuti sigara. Naomba kujua kama moyo wangu ni mgonjwa.*

Basi, hiyo ndiyo barua. Tuisome kama daktari atakavyoisoma, na tuanze na namba iliyomtisha mwenyewe kuliko zote, ile 164.

Saa hizi hazigusi moyo. Chini yake kuna taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi, na kando ya taa kuna kitambuzi kinachopima mwanga unaorudi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila pigo linaposukuma damu mkononi, mwanga unaorudi hupungua kidogo, kisha huongezeka tena. Saa huhesabu mawimbi hayo. Shida ni kwamba mkono unaotikisika nao hutengeneza mawimbi. Mtu anapokuna nazi, kufua au kukimbia, mkono huenda na kurudi kwa mwendo ulio sawa, na saa inaweza kuushika mwendo huo ikaudhania kuwa ni moyo. Mkanda uliolegea huzidisha kosa, na mikono ya baridi pia, kwa sababu damu inayofika kwenye ngozi hupungua.

Mwalimu wetu alifanya jambo la maana zaidi katika wiki zake mbili: aliacha kukuna akahesabu mwenyewe. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, huwekwa upande wa ndani wa mkono, chini ya gumba, ukihesabu sekunde 60 kamili. Usitumie gumba, maana lina mapigo yake na litakuchanganya. Moyo uliokuwa ukipiga 164 hauwezi kwa kawaida kuwa 98 mara tu mtu anapoacha kukuna. Daktari ataikata namba hiyo kwa kalamu na kuendelea. Lakini ameandika pia kwamba mapigo yalikuwa yamepangika, na hilo daktari halikati. Mapigo yanayokuja bila mpangilio wowote yangempeleka kwenye wazo jingine kabisa, ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu.

Hata pale saa yenyewe inapotoa onyo la mapigo yasiyopangika, onyo hilo bado si ugonjwa uliothibitishwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu zaidi ya 419,000 waliovaa saa za Apple. Walioonywa walikuwa karibu watano katika kila 1,000. Kati ya wale walioonywa wakavaa na kurudisha kipimo cha umeme wa moyo cha kubandika kifuani, theluthi hivi ndio walioonekana na tatizo hilo katika siku za kipimo. Wengine huenda walikuwa nalo likawa limetulia, kwani huja na kuondoka. Ndiyo maana daktari huchukua onyo la saa kama sababu ya kupima.

Sasa ngazi. Hapa mwalimu ameandika maneno ambayo michoro mingi ya simu huyaficha: yanapanda kidogo kidogo, yanashuka kidogo kidogo. Kuna ugonjwa wa njia za umeme za moyo ambao humshika mtu hata akiwa ameketi. Moyo huruka ghafla kutoka 80 hadi 170 au 200, ukakimbia dakika kadhaa au saa kadhaa, kisha ukatulia ghafla vilevile. Wenye hali hiyo huweza kukuonyesha dakika yenyewe ulipoanza na ulipokoma. Moyo wa mwalimu hauendi hivyo. Unafuata kazi anayoifanya, ila kazi ndogo unaiona kubwa. Daktari anaanza kushuku kuwa moyo wenyewe unatii amri, na kwamba kuna kitu kingine mwilini kinachoulazimisha kukimbia.

Michoro hiyo pia ina mapengo. Saa nyingi za bei nafuu, kama hukuziweka kwenye hali ya mazoezi, hupima mara moja kila baada ya dakika kadhaa. Mshtuko wa dakika mbili unaweza kupita usionekane popote. Aliyeusikia asikubali kuambiwa haukuwapo kwa kuwa saa imenyamaza. Auandike, pamoja na saa ulipotokea. Na hapo kwenye saa kuna mtego wetu wenyewe. Sisi tunasema saa 2 usiku, kioo kinaandika 20:00, na mgonjwa akiandika “saa 2” tu, daktari atakayekwenda kutafuta kwenye simu hajui aangalie wapi. Mwalimu aliandika zote mbili, na ndivyo inavyofaa.

Mstari wenye uzito kuliko yote ni ule usiotisha: mapigo ya kuamka. Mtu mzima aliyepumzika huhesabiwa kuwa sawa akiwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, hivyo 88 hadi 97 haiwashi taa yoyote nyekundu kwenye saa. Daktari asiyejua ya mwaka jana naye angeipita. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akiamka na 70, sasa anaamka na 88 hadi 97, kila asubuhi, bila homa, bila dawa, kabla hata ya kikombe cha kwanza cha chai. Kipimo cha haki ni mtu mwenyewe alivyokuwa. Kwa sababu hiyo mapigo ya kuamka yanafaa kuliko wastani wa siku nzima, ambao huchanganya usingizi, ngazi, hasira na nazi katika namba moja isiyosema lolote.

Weka mstari huo kando ya ule wa hedhi, ule aliouandika kwa mashaka, na picha inaanza kukamilika. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya damu. Ikipungua, kila mzunguko wa damu hubeba kidogo, na moyo hulazimika kuongeza mizunguko, kama daladala iliyong’olewa nusu ya viti inavyohitaji safari zaidi kuwafikisha abiria walewale. Mtu akiwa amelala mizunguko huongezeka kidogo. Kwenye ngazi, misuli inapodai oksijeni nyingi, huongezeka sana, na kuhema kunafuata.

Daktari atamwangalia weupe wa ndani ya kope na viganja, atamhesabu mapigo kwa mkono wake, atasikiliza moyo. Atapima umeme wa moyo hata hivyo, kwa kuwa barua haitoshi kuusafisha moyo na lawama. Ataomba kipimo cha damu, na huenda cha homoni za tezi la shingo, ambazo zikizidi nazo huukimbiza moyo usiku na mchana. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa hemoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Tuseme ya mwalimu imekuja 8.4. Haijafika pa kumlaza moja kwa moja, lakini inaeleza ngazi, inaeleza kizunguzungu, inaeleza zile 90 za alfajiri.

Lakini kuna hali ambazo barua haiandikwi. Kuzimia, maumivu ya kifua, kuhema ukiwa umeketi, au moyo unaokwenda mbio ukiwa umepumzika na kukataa kutulia, ni vya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Anayesubiri wiki mbili zitimie ili daftari lijae anakosea hesabu.

Mwalimu anapewa vidonge vya madini ya chuma, na anaambiwa asivimeze pamoja na ile chai ya rangi, maana chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Aiache ipite saa moja au mbili. Anaandikiwa pia altrasaundi ya mfuko wa uzazi, kwa kuwa damu inayopotea kila mwezi ina chanzo, na uvimbe wa mfuko wa uzazi ni wa kawaida katika umri wake. Barua ya pili, baada ya wiki nne, itakuwa na mistari mitatu tu: mapigo ya kuamka, ngazi, hedhi. Mapigo yatatangulia kurudi kwenye 70 kabla akiba ya chuma mwilini haijajaa, na hapo ndipo wengi huacha vidonge. Daktari atamtaka aendelee navyo kwa miezi mitatu hivi baada ya damu kurudi sawa.