Nguzo tatu za Tabora: jinsi grafu inavyoweza kudanganya bila namba hata moja kukosewa

Chukua namba hizi tatu za Sensa ya 2012, Mkoa wa Tabora. Igunga watu 399,727. Uyui 396,623. Kaliua 393,358. Ukizisoma hivi hivi, unaona wilaya tatu zenye watu karibu sawa. Kati ya Igunga na Kaliua kuna tofauti ya watu 6,369, yaani chini ya asilimia 2.

Sasa tuseme unafanya kazi Goweko, pale kwenye stesheni ya Reli ya Kati kabla hujafika Tabora mjini ukitokea Dar. Goweko iko Uyui. Umeambiwa uandae ukurasa mmoja wa takwimu kwa ajili ya kikao cha menejimenti ya halmashauri, na hoja mezani ni mgao wa fedha kwa kuangalia idadi ya watu. Unaingiza zile namba tatu kwenye Excel, unachagua grafu ya nguzo, unabonyeza. Inatoka safi kabisa. Ila nguzo ya Igunga ni ndefu karibu mara tatu ya Kaliua, na Uyui ni karibu mara mbili ya Kaliua.

Imekuwaje? Angalia chini kwenye mhimili wa wima. Hauanzii sifuri, unaanzia 390,000. Excel hufanya hivi yenyewe pale namba zinapokuwa karibu karibu, ili tofauti ionekane. Matokeo yake nguzo ya Igunga inaonyesha kile kilichozidi 390,000 tu, yaani 9,727, na ya Kaliua inaonyesha 3,358. Gawanya, utapata 2.9. Hakuna namba iliyokosewa, lakini mjumbe anayepitisha macho kwa sekunde tano atatoka kikaoni akiamini Kaliua ni kijiwilaya kidogo tu.

Sababu ni kwamba kwenye nguzo jicho linasoma urefu. Urefu ndiyo namba. Ukikata sehemu ya chini, umekata namba yenyewe, na maandishi madogo ya mhimili hayaokoi kitu kwa sababu wachache huyasoma. Kwa hiyo nguzo lazima zianzie sifuri, kila mara. Kwenye Excel bonyeza mhimili mara mbili, fungua `Format Axis`, halafu pale `Minimum` andika 0. Nguzo tatu zitakuwa karibu sawa. Utasema: mbona sasa grafu haionyeshi kitu? Inaonyesha! Inaonyesha kwamba kwa idadi ya watu, wilaya hizi tatu hazina sababu ya kupewa mgao tofauti. Hilo ndilo jibu ambalo kikao kinalihitaji, hata kama halivutii.

Ukitaka kuonyesha nani wa kwanza na nani wa mwisho kwa mkoa mzima, laza nguzo zako ziende kulia, ili majina ya wilaya yasomeke bila mtu kupinda shingo, kisha zipange kwa ukubwa badala ya alfabeti. Nzega inakaa juu na watu 502,252. Zinafuata zile tatu, halafu kuna shimo kubwa: Manispaa ya Tabora 226,999, Urambo 192,781, Sikonge 179,883. Ukizipanga hivi unaona jambo ambalo orodha ya nafasi ya kwanza mpaka ya saba inalificha: kuna kundi la juu, kuna kundi la chini, na katikati hakuna mtu. Kuwa nafasi ya tatu au ya nne hapa si habari.

Tahadhari moja kabla ya kulinganisha nafasi za 2012 na za 2022. Kwenye sensa ya pili Halmashauri ya Mji wa Nzega ilihesabiwa peke yake. Nguzo ya Nzega itafupika ghafla bila hata familia moja kuhama. Jumlisha Nzega zote mbili kwanza, ndipo ulinganishe.

Vipi kuhusu fungu, yaani Uyui ni sehemu gani ya mkoa mzima? Wengi hapa hukimbilia grafu duara, ile kama mkate uliokatwa. Igunga ni asilimia 17.4 ya mkoa, Uyui 17.3, Kaliua 17.2. Kata mkate wa vipande saba, vitatu vikiwa hivyo, kisha muulize mwenzako kipi kikubwa. Atabahatisha. Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukadiria vizuri zaidi wanapolinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja kuliko wanapolinganisha pembe. Na mkate ni pembe tupu. Kwa vipande saba, tumia nguzo zile zile za kulala, ila andika asilimia mwisho wa kila nguzo. Mkate nauachia kazi moja tu: Uyui dhidi ya mkoa wote uliobaki, vipande viwili. Hapo mtu anaona mara moja kwamba Uyui ni kama sehemu moja ya sita.

Mtego ninaouona mkubwa kuliko yote uko kwenye mwenendo wa miaka, na huu hata wataalamu huupita. Idadi ya watu wa Tabora, kwa makadirio ya milioni: 1988 ilikuwa 1.0, 2002 ikawa 1.7, 2012 ikawa 2.3, 2022 ikawa 3.4. Chora kwa aina ya `Line`. Mara nyingi Excel itaichukulia miaka kama majina tu na kuipanga kwa nafasi sawa. Utaona mstari ukipanda kwa laki saba, kisha kwa laki sita, na utaandika: "ongezeko lilipungua baada ya 2002."

Lakini kati ya 1988 na 2002 ni miaka 14, siyo 10. Laki saba kwa miaka 14 ni takriban watu 50,000 kwa mwaka. Laki sita kwa miaka 10 ni takriban 60,000. Ongezeko lilipanda! Hapa mhimili wa wima hauna kosa lolote. Uliopotosha ni ule wa chini. Dawa yake ni kuchagua `Scatter with Straight Lines`, ambayo huweka kila mwaka mahali pake kwa umbali wake halisi.

Hapa kuna ubishi wa haki, tuumalize. Kwa asilimia, kasi kweli ilishuka, kutoka kama 3.6 kwa mwaka hadi kama 2.9, kwa sababu watu 60,000 wanaongezeka juu ya msingi mkubwa zaidi. Kwa hiyo andika juu ya grafu unapima nini: "watu walioongezeka kwa mwaka" au "asilimia ya ongezeko kwa mwaka". Anayepanga idadi ya madarasa anahitaji ile ya kwanza, maana darasa hujaa watoto, halijai asilimia.

Na tofauti na nguzo, mstari halazimiki kuanzia sifuri, kwa kuwa jicho linasoma mteremko badala ya urefu. Ila ukiweka mistari ya wilaya mbili kwenye grafu mbili zilizo jirani, ipe mihimili yenye mwanzo na mwisho ule ule. Vinginevyo Sikonge inaweza kuonekana inapanda kama Nzega, kumbe kila grafu ina kipimo chake.