Ghala Likiungua, Taarifa ya Kwanza Huandikwaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Ghala la pamba mjini Mwanza limeungua. Lilikatiwa bima ya moto ya shilingi bilioni 2 katika kampuni ndogo, isiyoweza kubeba mzigo huo peke yake. Kampuni hiyo imebaki na milioni 200, yaani asilimia 10. Asilimia 90 imebebwa na kampuni za bima mtawanyo zilizoingia nayo mkataba.

Mkadiria hasara anakagua na kutoa makadirio ya awali: milioni 800. Hasara ndogondogo huingizwa tu katika hesabu za kila robo mwaka. Lakini mikataba ya aina hii huweka kiwango, na hasara ikikivuka, taarifa hutakiwa mara moja, hata kama uchunguzi haujakamilika. Kampuni inaandika:

“Tunawaarifu kuhusu hasara ya moto chini ya mkataba wa mwaka 2024. Bima ilianza 1 Novemba 2024. Moto ulitokea 9 Februari 2025. Makadirio ya awali ya hasara yote: Sh 800,000,000. Sehemu ya mkataba, asilimia 90: Sh 720,000,000. Sehemu yenu, asilimia 25 ya mkataba: Sh 180,000,000. Chanzo cha moto kinachunguzwa, na hatujakubali wajibu wa kulipa. Ripoti ya mkadiria itafuata.”

Tazama mwaka. Moto ni wa 2025, lakini katika mkataba wa mfano wetu kinachohesabiwa ni mwaka bima ilipoanza. Huenda waliobeba mzigo mwaka 2024 si walewale wa 2025, na taarifa ikienda kwa wasiohusika, siku zinapotea bure.

Panapoharibika zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye kiasi. Mwandishi akiandika “hasara ni milioni 80” kwa kuwa ndiyo sehemu ya kampuni yake, msomaji ataichukua kuwa hasara yote, atenge fedha kidogo, kisha ashtuke baadaye. Kila kiasi lazima kieleze ni cha nani: cha hasara yote, cha mkataba, au cha mpokeaji.

Mwenye ghala, dai lake likikubaliwa, anaidai kampuni yake milioni 800 zote, hata kama wenzake hawajailipa. Kampuni ndogo ikisubiri hesabu za robo mwaka inaweza kuishiwa fedha. Ndiyo maana mikataba mingi huiruhusu kuomba malipo ya haraka kwa hasara kubwa. Ombi hilo huambatana na ripoti ya mkadiria, nakala ya bima na uthibitisho wa malipo.

Taarifa ikichelewa, madhara hutegemea maneno ya mkataba. Pengine kuwahi ni sharti la kulipwa, na kampuni ikichelewa inaweza kuikosa ile milioni 720. Pengine upande wa pili lazima kwanza uonyeshe umeumizwaje, kwa mfano kwamba mabaki yaliondolewa kabla mtaalamu wake hajayaona.

Makadirio yakibadilika, taarifa nyingine hutumwa. Na pamba iliyonusurika ikiuzwa, asilimia 90 ya fedha zinazobaki baada ya gharama hurudi kwa waliobeba mkataba.