Kusajili Biashara kwa Anwani ya Nyumba ya Kupanga

Fundi cherehani anayeshona nyumbani Sinza, Dar es Salaam, anataka kurasimisha kazi yake. Anafungua mtandao wa BRELA kusajili jina la biashara, na fomu inamtaka aandike mahali biashara ilipo: mkoa, wilaya, kata, mtaa na namba ya nyumba au kiwanja. Anaandika anakoishi, kwa kuwa hana kwingine. Nyumba hiyo si yake, na mwenyewe hajui kwamba anwani yake imeingia kwenye daftari la serikali.

Kwa hatua hiyo ya kwanza huenda asijue kabisa. Mambo hubadilika fundi anapokwenda TRA kuombea biashara namba ya mlipakodi, kisha halmashauri kuomba leseni. Huko ataulizwa mkataba wa pango na barua ya serikali ya mtaa, na maofisa wanaweza kufika kuona eneo. Mwenye nyumba akikutana nao mlangoni bila taarifa, ataona amezungukwa, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya.

Woga wake mkubwa ni kodi. Mkataba ukifika TRA, kiasi cha pango kinajulikana. Mpangaji anayefanya biashara hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Tuseme fundi wetu analipa shilingi 300,000 kwa mwezi, na hulipa miezi 6 kwa mkupuo, yaani 1,800,000. Atawasilisha 180,000 TRA, mwenye nyumba atapokea 1,620,000 pamoja na cheti cha kodi iliyozuiwa. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini wengi huona pango lao limepungua, na baadhi humtaka mpangaji aibebe yeye. Jambo hili lizungumzwe kabla ya fomu kujazwa, maana likizuka baadaye huvunja mkataba.

Woga wa pili uko kwenye hati. Kiwanja kilichopimwa hutolewa kwa matumizi maalumu, na kama hati inasema makazi, mmiliki ndiye anayewajibika sharti hilo likikiukwa. Kushona chumbani peke yako na kutundika kibao, kuajiri mafundi wanne na kupokea wateja mchana kutwa ni mambo mawili tofauti. Mwenye nyumba anataka kujua ni lipi unaloomba. Tena biashara ikidaiwa, dalali wa mahakama huanza kuitafuta kwenye anwani iliyosajiliwa.

Kwa hiyo usiombe “kutumia anwani” kwa jumla. Taja matumizi moja moja: “Shikamoo mzee. Naomba ruhusa nisajili jina la biashara yangu ya ushonaji kwa anwani ya nyumba hii, na nipeleke mkataba wetu TRA na halmashauri. Nitashona ndani mwenyewe. Sitaweka kibao wala mfanyakazi. Kuhusu kodi ya zuio, naomba tukae tukubaliane.”

Akikubali, andikeni barua fupi na kila mmoja abaki na nakala. Itaje majina yenu, namba ya nyumba na mtaa, matumizi yaliyoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, na kwamba madeni ya biashara ni ya mpangaji. Iseme pia ruhusa inakoma upangaji ukikoma, na itoe muda, tuseme siku 30, wa kuhamisha anwani kwenye ofisi zote.

Suala la barua ni jepesi zaidi. Kwa kawaida barua hapa nchini hupokelewa kwenye sanduku la posta, si mlangoni, na wapangaji wengi huazima S.L.P. ya mwenye nyumba au ya ofisi ya ndugu. Barua za kodi hazifai kupitia huko: notisi ina muda wake wa kujibiwa, na ufunguo wa sanduku hauko mkononi mwako. Kodi sanduku kwa jina lako Posta, nalo litakufuata hata ukihama mtaa. Lakini sanduku halichukui nafasi ya eneo la biashara. Fomu itaendelea kudai nyumba na mtaa.

Mwenye nyumba akikataa, usiandike anwani yake kwa siri. Tafuta meza kwenye fremu ya fundi mwenzio au ofisi ya kushirikiana, kwa makubaliano ya maandishi yanayokubaliwa na TRA na halmashauri. Na siku ukihama nyumba uliyoruhusiwa, badilisha anwani BRELA, TRA, halmashauri na benki. Usipofanya hivyo, notisi zako zitampata mpangaji mpya asiyekujua, na tarehe ya mwisho ya kujibu itapita wewe hujazisoma.