Dawa haikuongeza damu, au waliopimwa walikuwa wachache?

Chukulia kliniki ya wajawazito ambako wastani wa wingi wa damu ni gramu 11 kwa desilita. Chini ya kiwango hicho, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho ana upungufu wa damu. Mkengeuko sanifu, yaani kadiri vipimo vya mama mmoja na mwingine vinavyopishana, ni gramu 1.5. Unaanzishwa utaratibu mpya wa vidonge vya madini ya chuma, na waganga wanasema ukiongeza nusu gramu tu, utakuwa na maana. Wanapimwa akina mama 25, kisha inatoka taarifa: hakuna ushahidi kwamba damu imeongezeka.

Tuwakagulie hesabu. Wastani wa watu 25 hauyumbi kama kipimo cha mtu mmoja. Gawanya 1.5 kwa kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5, upate 0.3. Kwa kuwa wamekubali hatari ya asilimia 5 ya kuisifu dawa isiyofanya kazi, mpaka wao ni 11 + 1.645 × 0.3, takriban 11.49. Wastani wa sampuli usipovuka hapo, dawa inahesabiwa haikusaidia.

Sasa tuseme dawa inafanya kazi kweli, na wastani halisi umefika 11.5. Mpaka wa 11.49 unaangukia karibu kabisa na wastani huo mpya, kwa hiyo karibu nusu ya sampuli zote za watu 25 zitabaki chini yake. Hilo ndilo kosa la aina ya pili: asilimia 49. Nguvu ya jaribio, yaani uwezekano wa kuligundua ongezeko lililopo, ni asilimia 51. Wangerusha shilingi wangepata karibu uhakika uleule, tena bila kumchoma mtu sindano.

Idadi ilipaswa kupangwa kabla. Wakitaka nguvu ya asilimia 90, hesabu ni hii:

n = ((1.645 + 1.282) × 1.5 / 0.5)² = 77.1

Hapa hupunguzi, unapandisha: akina mama 78. Na kwa kuwa wengine hawatarudi kliniki, andikisha zaidi. Ukitarajia kupoteza asilimia 15, anza na 92.

Namba inayouma zaidi ni ile nusu gramu. Ukitaka kugundua robo gramu, idadi haiongezeki mara mbili bali mara nne, hadi 309. Ndiyo maana tofauti hiyo iamuliwe na waganga kwa manufaa ya mgonjwa, isichaguliwe kwa kuangalia bajeti, jambo ambalo naona hufanyika mno.

Ile 1.5 nayo ni makadirio. Ikiwa vipimo vinapishana kwa gramu 1.8, akina mama walewale 78 watatoa nguvu ya asilimia 79 tu, na hatari ya kuikosa dawa inayofaa itapanda kutoka asilimia 10 hadi 21.