Mnara wa Gazeti na Sentimita 60 za Selotepu

Masharti yanaenea kwenye mistari michache ya ubao. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kinapewa karatasi 7 za gazeti, yaani zile kurasa pana zinazopatikana gazeti likifunuliwa katikati, pamoja na sentimita 60 za selotepu. Muda ni dakika 25. Unaoshinda ni mnara mrefu kuliko yote, mradi usimame wenyewe kwa nusu dakika bila kushikwa, bila kuegemezwa ukutani na bila kubandikwa sakafuni.

Hilo la kubandika lisisahauliwe. Mwalimu asipolitamka mapema, hakosi kutokea kikundi kitakachomaliza selotepu yake yote kwa kugandisha miguu ya mnara kwenye saruji, na kitakuwa hakijavunja sheria yoyote.

Anayelisikia zoezi hili kwa mara ya kwanza hudhani tabu yake ni ulaini wa karatasi. Kumbe karatasi saba zinatosha, na hata hubaki. Kinachobana ni selotepu, na namna inavyobana inaonekana kwa hesabu ndogo ambayo vikundi vingi haviifanyi mpaka vichelewe. Gazeti likiviringishwa vizuri hutoa mrija wenye kipenyo cha sentimita 1.5 hivi. Mzingo wa mrija huo unakaribia sentimita 5. Mwanafunzi akiuzungushia selotepu mara moja kila ncha ili usifumuke, ametumia sentimita 10. Wakiandaa mirija 6 kwa mtindo huo, sentimita 60 zote zimekwisha, na hakuna mrija hata mmoja uliounganishwa na mwenzake.

Ndiyo maana dakika tano za kwanza zinafaa kupita bila mtu kugusa selotepu. Wakae wachore, wahesabu viungo vya mnara wao, na kila kiungo wakipangie selotepu yake. Wajanja watagundua jambo jingine: selotepu ikichanwa katikati kwa urefu, sentimita 60 zinakuwa 120. Utepe mwembamba unatosha kuzuia ukingo wa karatasi usifumuke, kwa kuwa hapo hakuna uzito mkubwa unaovuta. Kipande cha sentimita 3 kilichobandikwa juu ya ukingo, bila kuzunguka mrija mzima, hufanya kazi hiyo bila shida.

Mrija wenyewe unahitaji maelezo, kwani hapa ndipo uhandisi unapoanzia. Ukurasa uliosimamishwa wima hujikunja papo hapo. Ukurasa uleule ukiviringishwa husimama na kubeba mzigo, ingawa karatasi haijaongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali karatasi ilipo: imesogezwa mbali na mstari wa katikati, imeuzunguka pande zote, na kila upande unaojaribu kupinda unazuiwa na upande wa pili. Mrija mpana zaidi ni mgumu zaidi kupinda, lakini ukuta wake unakuwa mwembamba na hubonyea ukishikwa vibaya. Ukurasa wenye upana wa sentimita 40 ukiviringishwa kwa kipenyo kile cha 1.5 huzunguka kama mara nane, na huo ni uwiano mzuri.

Karatasi pia ina upande wake. Kiwandani nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine, na karatasi huwa ngumu zaidi kuelekea huko zinakolala. Kulijua hili ni rahisi: chana kipande cha gazeti kwa wima, kingine kwa mlalo. Upande mmoja utachanika kwa mstari ulionyooka, mwingine utakwenda upogo na kuacha ukingo uliochakaa. Ule mchano ulionyooka ndio unaofuata nyuzi. Pakiwezekana, mrija uviringishwe nyuzi zikienda sambamba na urefu wake. Unaviringika kwa urahisi na unasimama imara kuliko ule uliokwenda kinyume.

Mtu asidhani haya ni ya darasani tu. Msanifu majengo wa Japani, Shigeru Ban, amejenga nyumba na kumbi kwa mirija ya karatasi, minene na migumu kuliko hii ya gazeti, na mradi wake mmoja ulifika Rwanda. Wakimbizi walipokuwa wakikata miti kwa ajili ya fremu za mahema yao, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limejaribu kuwapa nguzo za alumini, lakini alumini ina bei na ikaishia kuuzwa. Mwaka 1999 mahema 50 ya majaribio yenye nguzo za mirija ya karatasi yalisimamishwa kwenye kambi ya Byumba.

Turudi kwenye kikundi chetu. Tuseme kila ukurasa una urefu wa sentimita 56, na wanafunzi wameamua kutumia karatasi tatu kwa miguu, tatu kwa mlingoti wa katikati, na kubakiza moja. Miguu mitatu ikifungwa pamoja juu na kutanuliwa chini mpaka kila mmoja uwe sentimita 25 kutoka katikati, kilele chake kinakuwa sentimita 50 juu ya sakafu. Wamepoteza sentimita 6 tu za urefu, nao wamepata kitako kipana. Wanafunzi wengi huogopa kutanua miguu wakidhani wanautupa urefu, na hofu hiyo ndiyo inayoangusha minara mingi kuliko upungufu wa vifaa.

Mlingoti unaunganishwa kwa kuchomeka. Mrija wa juu unaviringishwa kwa kubana zaidi ili uingie sentimita 6 ndani ya mrija ulio chini yake. Kwa hiyo mrija wa kwanza unatoa sentimita 56, na kila unaofuata unaongeza 50. Jumla ni 156. Kiungo cha kuchomeka hakihitaji selotepu nyingi. Utepe mwembamba wa sentimita 8 kwa kila kiungo unatosha.

Sasa mlingoti ushikwe wapi? Kikundi chenye tamaa kitauteremsha sentimita 10 tu chini ya kilele cha miguu, kiufunge hapo, na kujipigia hesabu ya mnara wa sentimita 196. Hautasimama. Kitu kirefu kilichoshikwa mahali pamoja huzunguka palepale kiliposhikwa, na selotepu haina ubavu wa kukizuia. Mlingoti ukianza kuinama, uzito wake wenyewe unauvuta zaidi. Dalili yake iko wazi: mnara haukunjiki katikati, unalala wote kwa pamoja kuanzia kwenye kifundo.

Dawa ni kuushika mahali pawili. Mlingoti unashushwa sentimita 25 chini ya kilele, kisha ncha yake ya chini inafungwa kwenye kila mguu kwa kamba. Kamba inatoka wapi? Kwenye ile karatasi ya saba. Ukanda wa gazeti uliochanwa kufuata nyuzi na kusokotwa huwa kamba inayostahimili kuvutwa, na hufungwa kwa fundo, si kwa selotepu. Sehemu inayovutwa haihitaji kuwa mrija; mrija ni wa sehemu inayobanwa. Kamba nyingine tatu zinaunganisha miguu huko chini ili isiteleze na kutanuka. Mnara sasa ni sentimita 181. Zimepungua 15, lakini hizi 181 zitapimwa, na zile 196 zingekuwa chini.

Bajeti ya selotepu inasemaje? Mirija 6, kila mmoja vipande viwili vya sentimita 3, ni 36. Viungo viwili vya mlingoti ni 16. Kifundo cha kilele, ambapo miguu mitatu na mlingoti vinakutana, kina mzingo wa karibu sentimita 13. Kukizunguka mara mbili ni 26. Jumla ni 78 kati ya zile 120 nyembamba. Zinabaki 42 za kurekebishia, na zitahitajika.

Mpango wa kwenye karatasi unaweza kuwa sahihi na mnara ukafia kwenye kusimamishwa. Kosa lililozoeleka ni kuunga mlingoti wote ukiwa umelala sakafuni, kisha kuuinua kwa ncha moja. Unavunjika kwenye kiungo cha kwanza, kwa sababu wakati wa kuinuliwa unapata mzigo ambao hautaupata tena ukishasimama. Hapa kuna kisa cha Vladimir Shukhov, mhandisi wa Urusi, aliyechora mnara wa redio wa mita 350 kwa ajili ya Moscow mwaka 1919. Nchi ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na chuma kilikuwa adimu, hivyo mchoro ukapunguzwa hadi mita 150. Vipande vyake viliungwa chini, ndani ya mnara wenyewe, kisha vikapandishwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1921 kebo ilikatika kipande cha nne kikipandishwa, kikaanguka na kuharibu vilivyokuwa chini yake. Kazi ilirudiwa, mnara ukakamilika mwaka 1922.

Wanafunzi wanaweza kumwiga. Miguu mitatu inafungwa kwanza kwa kitanzi cha kamba ya karatasi kilicholegea, wawili wanaiinua juu usawa wa kifua, wa tatu anapenyeza mrija mwembamba kutoka chini kupitia kitanzini, na wa nne anauchomekea mrija unaofuata. Selotepu ya kilele inabandikwa mwisho, mlingoti ukiwa tayari umenyooka. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja hata awe hodari namna gani, kwa sababu inataka mikono minane kwa wakati mmoja na kila mmoja ajue zamu yake.

Kwa hiyo kugawana kazi kusiwe kwa maneno ya jumla. Mmoja aikamate selotepu na mkasi, na asikate kipande bila kuambiwa kinakwenda wapi. Wawili waviringishe, kwa kutumia penseli ileile ili vipenyo vilingane. Mmoja atazame saa na kupima. Mwenye selotepu hulalamikiwa sana dakika ya kumi, na hushukuriwa dakika ya ishirini.

Mpango nao usigeuke kuwa mjadala wa muda wote. Tom Wujec, ambaye mwaka 2010 alieleza matokeo ya zoezi linalofanana na hili, lenye tambi 20, selotepu, uzi na peremende laini moja ya kuwekwa kileleni ndani ya dakika 18, alionyesha kwamba watoto wa chekechea walijenga minara mirefu kuliko wahitimu wapya wa shule za biashara. Wahitimu walipanga, wakajenga, na peremende wakaiweka sekunde za mwisho. Mnara ukaporomoka na muda ukawa umekwisha. Watoto waliiweka peremende mapema na kurekebisha kila ilipoanguka. Kwenye mnara wa gazeti, maana yake ni kwamba ile miguu mitatu isimame na kujaribiwa kwa mlingoti wa mrija mmoja kabla ya dakika ya 12, ingawa bado haipendezi.

Mwalimu mwenye kipindi kimoja tu hupima, humtangaza mshindi na kufagia. Afadhali agawe zoezi mara mbili kwa masharti yaleyale, wiki moja katikati. Raundi ya kwanza kila kikundi kiandike mambo matatu: mnara ulianguka kuanzia wapi, selotepu ilibaki kiasi gani, na jaribio la kwanza la kuusimamisha lilifanyika dakika ya ngapi. Raundi ya pili asitoe ushauri wowote, ila awarudishie karatasi hizo kabla saa haijaanza kuhesabu. Siku ya mvua azihifadhi kurasa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa maana gazeti hunyonya unyevu wa hewani na kulegea, na kikundi kitakachopewa kurasa zilizolala dirishani kitakuwa na haki ya kukata rufaa.